Njaa ya Saa Tatu Usiku

Mtu akikulalamikia kwamba usiku anashindwa kujizuia kula, usianze kumuuliza habari za moyo wake. Muulize mchana alikula nini. Mara nyingi utasikia kwamba asubuhi alikunywa chai na maandazi mawili, mchana akapiga soda, na baada ya hapo hakugusa kitu mpaka aliporudi nyumbani. Mtu huyo huenda ana msongo wa mawazo kweli, na msongo huo kweli unamsukuma kula, lakini pamoja na hayo yote ana njaa. Akiambiwa kwamba tatizo lake ni hisia, ataanza kupambana na hisia, na kila usiku atashindwa, kwa sababu tumbo lisilopewa chakula tangu alfajiri halitulizwi kwa kuvuta pumzi ndefu.

Kula kunakofuata siku ngumu huwa na mambo matatu yaliyopandiana: deni la chakula la mchana, hamu inayoletwa na msongo, na mazoea ya saa na mahali. Kwa anayekula, yote matatu huja kama kitu kimoja na huitwa njaa. Ninachoamini, baada ya kuyafuatilia mambo haya kwa muda mrefu, ni kwamba mpangilio wa kuyashughulikia una maana kubwa. Deni likilipwa kwanza, mengine mawili huonekana waziwazi. Likiachwa, hakuna dalili yoyote itakayosomeka.

Tumchukue mama mmoja wa mfano, keshia wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, anayeishi Kimara. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawaandaa watoto kwenda shule, anakunywa chai ya rangi na maandazi mawili akiwa amesimama jikoni. Saa moja na nusu yuko kaunta. Saa sita mteja anadai hakurudishiwa chenji yote, sauti zinapanda, bosi anakuja kumhoji mbele ya watu. Saa saba mama lishe anapita na sahani zake. "Dada, nikuwekee wali maharage?" Anajibu, "Hapana mama, leo sina hata hamu." Saa tisa ananunua soda ya baridi. Jioni hesabu haifungi, inapungua shilingi 14,000, anarudia kuhesabu mpaka saa kumi na mbili. Mwendokasi imejaa, anasimama njia nzima.

Saa mbili kasoro anaingia nyumbani na kwenda moja kwa moja jikoni. Wakati ugali unasongwa ameshamaliza chapati iliyobaki asubuhi, amedokoa dagaa, ameonja mchuzi mara tano. Kisha anakaa na watoto, anakula ugali wake na anashiba. Saa tatu watoto wamelala, anajitupa kwenye kochi, tamthilia inaanza, na mkono wake umeshaingia kwenye pakiti ya biskuti. Pakiti ikiisha anarudi jikoni, anafunua sufuria, anamalizia wali wa jana kwa mwiko akiwa amesimama, taa haijawashwa. Anakwenda kulala amevimbiwa, anajichukia, na anajiapiza kwamba kesho hatagusa kitu mpaka jioni.

Kiapo hicho cha mwisho kinaharibu zaidi kuliko biskuti zote.

Turudi saa saba mchana. Mama huyu hakujinyima kwa makusudi. Hamu ilikata kweli. Mwili ukiona umeingia kwenye hatari, hata kama hatari yenyewe ni bosi mwenye sauti kubwa, humwaga adrenalini. Moyo hupiga mbio, damu huelekezwa zaidi kwenye misuli, na kazi ya kumeng'enya chakula hupunguzwa, kwa sababu anayekimbia hana haja ya kumeng'enya wali. Hali hiyo huwa haidumu sana. Nyuma yake huja kotisoli, homoni inayokaa kwenye damu muda mrefu zaidi, na miongoni mwa kazi zake ni kuhakikisha mwili unarudishiwa nguvu ulizotumia. Kotisoli inapokaa juu kwa saa nyingi, au siku baada ya siku, watu wengi hupata hamu ya kula, hasa vyenye sukari na mafuta. Si wote. Wapo ambao msongo huwakatia kula kabisa kwa wiki nzima wakakonda, na hao wana shida yao nyingine.

Kwa hiyo siku ngumu hupiga pande mbili. Mchana inakunyang'anya chakula, jioni inakudai. Soda ya saa tisa haikusaidia sana. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari kama gramu 35, karibu vijiko vinane vya chai. Inamchangamsha kidogo lakini haina protini wala nyuzinyuzi za kumshikilia tumboni mpaka jioni. Alipoingia jikoni saa mbili kasoro, alikuwa amepitisha saa kumi na nne kwa maandazi mawili na chupa moja ya soda. Kudokoa kule kote wakati ugali unasongwa kulikuwa njaa safi. Hakuna mtaalamu wa saikolojia anayehitajika kuieleza.

Njaa yenyewe inafanyaje kazi? Mlo wa kawaida wenye wanga, mboga na protini huchukua kama saa nne kutoka tumboni, na zaidi ya hapo ukiwa na mafuta mengi. Tumbo likishakuwa tupu, misuli yake hujikaza kwa mawimbi yanayosukuma mabaki kuelekea kwenye utumbo, na mawimbi hayo hurudi kila baada ya saa moja na nusu mpaka mbili. Ndiyo yanayonguruma. Mngurumo peke yake hauthibitishi njaa, kwa sababu gesi nayo hunguruma, lakini mngurumo wa saa tano baada ya mlo ni habari ya kuaminika.

Kuna pia ujumbe unaopita kwenye damu. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, walitangaza kugundua homoni waliyoiita grelini. Nyingi yake hutoka tumboni, hupanda kabla ya mlo na kuwaambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika, kisha hushuka mtu akila. Kinachofaa kujulikana na kila mtu ni kwamba homoni hii inafuata ratiba. Hupanda saa ulizozoea kula, na saa ile ikipita bila wewe kula, hushuka yenyewe. Aliyewahi kufunga Ramadhani anaijua hali hiyo bila kuambiwa na mtafiti. Siku za mwanzo, ikifika saa saba njaa inakaba. Ikifika saa tisa imelegea, ingawa hakuna kilichoingia mdomoni. Baada ya siku kadhaa mwili unahamia kwenye ratiba mpya na mchana unapita kwa wepesi.

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tumezoea kusema kuna njaa ya kweli na njaa ya uongo, kana kwamba ya pili iko kichwani tu. Lakini mtu aliyekula biskuti kila siku saa tatu usiku kwa miaka miwili ameufundisha mwili wake kuzisubiri. Saa ile ikifika mate yanajaa na tumbo linamwita kweli. Hasemi uongo anaposema anaisikia njaa. Tofauti ni kwamba njaa ya namna hiyo haitokani na upungufu. Ameshiba ugali saa moja tu iliyopita. Ukiipitisha inapita, na ukiipitisha siku nyingi mfululizo mwili unaacha kuiita. Njaa ya upungufu inaweza nayo kulegea kwa muda, lakini itarudi, na kila ikirudi itakuwa kali zaidi.

Basi mtu azitofautishe vipi, akiwa amechoka, amesimama mbele ya friji? Swali ninaloliamini kuliko mengine yote ni hili: ningekula kiporo cha ugali na mchicha? Au muhogo wa kuchemsha, bila kachumbari wala pilipili? Chagua chakula cha kawaida ambacho hukichukii na wala hukiwazii. Ukijibu ndiyo, una njaa, na la kufanya ni kula, kwenye sahani, umekaa. Ukijibu kwamba hapana, nataka chipsi, au nataka kitu kitamu tu, basi mwili haudai chakula. Kuna kingine kinachodai.

Swali hilo lina mipaka yake. Mjamzito mwenye kichefuchefu anaweza kuwa na njaa kali na bado harufu ya mchicha ikamfukuza. Mgonjwa wa homa vilevile. Na mtu mwenye njaa sana anaweza kuwa na vyote viwili, njaa na uchu wa chipsi, ndiyo maana nasisitiza kulipa deni kwanza. Ikiwa umekaa saa sita bila mlo, usijihoji. Kula, kisha uje kujihoji baadaye.

Dalili ya pili ni namna inavyoanza. Njaa hupanda polepole. Huanza kama wepesi tumboni, kisha mngurumo, kisha ukali wa hasira na kushindwa kutulia. Hamu ya msongo huja ghafla, na ukitazama nyuma kidogo utaiona chanzo chake: ujumbe kwenye simu, neno la mwenzi, kumbukumbu ya ile shilingi 14,000. Ya mazoea haiji na tukio, inakuja na kiti. Unakaa kwenye kochi, unasikia muziki wa tamthilia, tayari unatafuta cha kutafuna. Dalili ya tatu ni mwisho wake. Njaa ina kikomo. Ukishiba, chakula kinapungua utamu na mkono unalegea wenyewe, ingawa ujumbe wa kushiba huchukua kama dakika 20 kufika, na anayekula upesi huupita. Hamu ya msongo haina pa kuishia isipokuwa pakiti iishe.

Mama wetu wa Kimara alichukua daftari la shule la mtoto lililobaki kurasa na kuandika kila alipokula kitu nje ya mlo: saa ngapi, nini kilitangulia, jibu la swali la kiporo, na saa moja baadaye alijisikiaje. Hakuandika uzito wala hakupigia kalori hesabu. Wiki ilipokwisha, daftari lilionyesha jambo ambalo hakulitarajia. Kudokoa kwa saa mbili kulikuwepo kila siku ya kazi, na kila mara jibu la kiporo lilikuwa ndiyo. Jumapili, alipokula mchana pamoja na familia, hakudokoa kabisa.

Akaanza na hapo. Alimwambia mama lishe, "Mama, niwekee sahani yangu kila siku, hata nikikataa. Nitakula saa nane." Hilo la saa nane lina sababu. Hamu iliyokatwa na ugomvi wa saa sita haikuwepo saa saba, lakini saa nane adrenalini imeshuka na wali unalika, japo nusu sahani. Saa kumi na moja, kabla ya kufunga hesabu, akawa anakula ndizi mbivu mbili na konzi ya karanga. Karanga zina mafuta na protini, zinakaa tumboni, na zinamfikisha Kimara akiwa na akili yake.

Kilichofuata ndicho hutokea kwa wengi. Kudokoa kulipungua ndani ya siku chache, na ule wali wa sufuria wa gizani, uliokuwa ukimtia aibu kuliko vyote, ukawa nadra. Hakuupiga vita. Uliondoka kwa sababu hakuwa tena na deni. Biskuti zilibaki palepale.

Kwa hizo biskuti, kuna utafiti wa mwaka 2011 ninaoupenda sana. David Neal, Wendy Wood na wenzao huko Marekani waliwapa watazamaji wa sinema bisi. Wengine walipewa bisi mpya, wengine za siku saba, zilizochacha na kupoteza ladha. Waliozoea kula bisi sinemani walikula zile mbovu kiasi kilekile na zile mpya, ingawa wenyewe walisema hawakuzipenda. Watu wa namna hiyohiyo walipowekwa kwenye chumba cha mikutano kutazama video, waliziacha mbovu. Na sinemani kwenyewe, walipotakiwa kulia kwa mkono wasiouzoea, mazoea yalikatika na wakaanza kula kulingana na ladha. Hawakufundishwa kujizuia. Mkono ulilazimika kufikiri, basi.

Kwa hiyo mama huyu hakuziondoa biskuti nyumbani, maana watoto nao wanazila. Alizihamishia kwenye kabati la juu jikoni, akajiwekea sharti kwamba akizitaka atazitia kwenye kisahani na kuzilia mezani, mbali na televisheni. Kochi nalo akalihamisha upande mwingine wa sebule. Usiku wa kwanza alienda akala nne mezani, akarudi. Usiku mwingine tamthilia ilimnogea akasahau. Yeyote atakayejaribu hili ajue kwamba wiki ya kwanza saa tatu usiku inakera, kwa sababu mwili bado unazisubiri. Kukereka huko hakumaanishi kwamba njia imeshindwa.

Palibaki usiku wa namna moja tu, usiku wa hesabu kutofunga. Siku hizo jibu la kiporo lilikuwa hapana, alikuwa amekula mchana, na kochi lilikuwa mahali pake papya, na bado alitaka kitu kitamu, kingi, sasa hivi. Hapo ndipo msongo ulipoonekana peke yake.

Je, kula kunautuliza? Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha makala mashuhuri wakieleza kwamba kwa panya wenye msongo wa muda mrefu, sukari na mafuta ya nguruwe hupunguza makali ya mfumo wa mwili unaozalisha homoni za msongo. Kwa hiyo anayesema kashata inampoza hajitungii. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonyesha watu filamu za kuwahuzunisha, kisha baadhi wakapewa chakula wanachokikimbilia wakiwa na majonzi, wengine chakula kingine wanachokipenda, na wengine hawakupewa chochote. Chakula cha kujiliwaza kiliwapandisha moyo. Hata wale ambao hawakula kitu walipanda hivyohivyo. Dakika chache zilitosha. Chakula kilikuwa kikipewa sifa ya kazi iliyofanywa na muda.

Huzuni ya filamu si sawa na kufokewa mbele ya wateja, na sitaki kuukuza utafiti mmoja kuliko unavyostahili. Hata hivyo una jambo la kutumia. Ikiwa wimbi litashuka lenyewe, kinachotakiwa ni kitu cha kumvusha mtu hizo dakika za mwanzo. Mama wetu alijua alichokuwa akikitaka kwenye biskuti, nacho ni kutua. Tangu alfajiri hakuwa amepata hata robo saa isiyo na mtu anayemdai. Akaanza kuoga maji ya moto kabla ya kukaa, kisha kumpigia dada yake aliyeko Morogoro.

"Dada, leo wamenitoa jasho."

"Pole mdogo wangu. Hesabu tena?"

"Hesabu tena. Elfu kumi na nne."

"Mchana ulikula lakini?"

Zipo siku ambazo simu haitoshi, na siku hizo anachukua kipande cha kashata, anakaa mezani, anakila taratibu akijua kwa nini anakila. Mimi sioni ubaya wowote hapo. Binadamu wamekuwa wakifarijiana kwa chakula tangu zamani, na msiba wetu wowote una sufuria kubwa nyuma ya nyumba. Shida huanza chakula kinapokuwa faraja pekee iliyobaki, na kinapoliwa kwa kujificha.

Nimempanga mama huyu ili kila jambo lionekane kwa zamu yake. Wiki za watu halisi huchafuka zaidi, na siku moja ya msiba au ugonjwa wa mtoto inaweza kurudisha wali wa sufuria. Usingizi nao huvuruga kila kitu. Mwaka 2004 Karine Spiegel na wenzake walionyesha kwamba vijana wa kiume wenye afya, baada ya kulala saa nne tu kwa usiku mbili, walikuwa na grelini iliyopanda kwa asilimia 28 na homoni ya leptini, inayotoa taarifa ya kushiba, iliyoshuka kwa asilimia 18. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri baada ya kulala saa sita usiku ana njaa ya ziada kabla hata hajakutana na bosi wake.

Kuboreka ni habari nyingine, na huwapata zaidi walinzi wa usiku, wanafunzi walio likizo, waliostaafu karibuni, na kijana anayesubiri majibu ya kazi miezi minne. Hawa hawana wimbi la kushuka. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi waliwakalisha watu mbele ya kipande kifupi cha filamu kilichorudiwarudiwa, huku chokoleti ndogondogo zikiwa pembeni. Walioboreshwa walikula chokoleti zaidi kuliko waliotazama filamu ya maana. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, badala ya chokoleti waliwekewa kifaa cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, na walioboreshwa walijipiga zaidi. Ukiona mtu aliyeboreka anajipiga shoti, unaelewa kwamba hakuwa akitafuta utamu. Alitaka kitu kitokee. Mlinzi anayemaliza mfuko wa karanga kila usiku kati ya saa nane na saa kumi anasaidiwa zaidi na redio, na kuzunguka uzio kila nusu saa, kuliko ushauri wowote wa lishe.

Kuna njaa ambazo haziingii katika haya yote. Maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja saa mbili au tatu baada ya kula, au yanayokuamsha usiku wa manane na kutulia ukila kidogo, yanaweza kuwa vidonda vya tumbo, na watu wengi huyaita njaa kwa miaka. Hayo ni ya kupimwa hospitali. Njaa isiyoisha ikiambatana na kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda ni ya kupima sukari. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari, akipata njaa ya ghafla yenye jasho na kutetemeka, asijiulize swali la kiporo wala asisubiri dakika 20. Apate kitu cha sukari papo hapo na, akiweza, apime. Dawa kama prednisoloni huongeza hamu ya kula, na anayezitumia asijilaumu kwa hilo wala asiziache bila daktari.

Na upo ulaji ambao ni ugonjwa wenyewe. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliutambua rasmi: mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, anahisi hawezi kusimama, hula upesi kuliko kawaida au kwa kificho kwa sababu ya aibu, na hutokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Akiwa pia anajitapisha au kunywa dawa za kuharisha baada ya kula, huo ni ugonjwa mwingine na una hatari zake kwa moyo na meno. Kwetu watu hawa huambiwa wana ulafi, wakakaa kimya. Hospitali kubwa zenye idara ya afya ya akili, kama Muhimbili, ni mahali pa kuanzia, na tiba ya mazungumzo huwasaidia wengi.

Anayeingia kwenye tiba hiyo hutarajia kuanza kwa kuulizwa utotoni kwake kulikuwaje. Katika mpango uliotungwa na daktari wa Oxford, Christopher Fairburn, ambao umetumiwa nchi nyingi, mgonjwa anaanza na daftari la kila anachokula, na mapema kabisa anapewa ratiba: milo mitatu kwa siku na vitafunio viwili au vitatu katikati, bila kupitisha zaidi ya saa nne hivi tangu kula mara ya mwisho. Wengi hukataa mwanzoni, wakihofia kwamba watanenepa. Mtaalamu huwaomba wajaribu kwa wiki chache tu, wakianza na mlo mmoja ambao wamekuwa wakiuruka, na mara nyingi mlo huo ni wa mchana.